Usiku Mwezi Usipoandama: mpango wa hadithi ya wizi

Mahali ni Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, jioni ya tarehe 29 Ramadhani. Kinachoibwa ni karatasi moja: hati ya wakfu ya nyumba ya kina Bi Rukia. Dalali aliichukua kwa hila, kaificha stoo nyumbani kwake, kwenye saraka ya siri ya sanduku la njumu, na baada ya Idi nyumba inauzwa. Msomaji ayajue haya katika ukurasa wa kwanza, la sivyo atawaona hawa wezi tu.

Kikosi
Bi Rukia ndiye mpangaji. Fundi Haji ni wa kufuli. Mwanaasha, mpishi wa futari, anamwingiza Haji stoo. Kombo anangoja na mashua nyuma ya nyumba. Sele muuza kahawa anakaa barazani na kugonga vikombe: mara mbili salama, mfululizo hatari. Onyesho la pili limtaje Sele kuwa pia mpiga ngoma ya daku, kwa sentensi moja tu, katikati ya ugomvi wa deni la kahawa.

Mpango
Mwezi ukitangazwa, familia nzima ya dalali itashuka Darajani kununua nguo za sikukuu. Haji ana saa nzima. Mashua iondoke kabla ya saa 3 usiku, maana ni bamvua na maji yakitoka pwani inabaki kavu.

Unavyoharibika
Bi Rukia alihesabu siku 29 kama jambo la hakika. Kosa liwe lake, si bahati mbaya. Haji ameshaitia hati kifuani redio inapotangaza kuwa mwezi haukuonekana. Familia iliyokwisha fika mlangoni inavua viatu. Vikombe vinagongwa mfululizo. Mlinzi anahamia mlango wa nyuma kupunga upepo, na Kombo anaisikia mashua ikikwaruza mchanga. Hapa usiharakishe: Haji ajibane nyuma ya magunia ya mchele saa sita nzima, akisikia dalali akihesabu pesa chumba cha pili.

Wanavyojikwamua
Mfungo ukiendelea, daku lipo, na daku lina wapiga ngoma. Sele anaona hilo peke yake, bila kikao. Saa 8 usiku wapigaji wanne wanaingia uani kama kila siku, Sele kabeba ngoma mbili. Mwanaasha anazima taa ya stoo. Hati inasokotwa ndani ya ngoma ya pili, iliyo wazi chini, na Haji anaivaa shingoni.

Dalali mwenyewe anatoka kuwatunza. Anagawa noti moja moja, akifika kwa wa tano, Haji, zimemwishia. Anamtazama, anaona vidole vyeusi kwa mafuta ya kufuli. Haji anaanza kupiga. Hajui kupiga, wenzake wanne wanaongeza nguvu kumfunika.

“Ngoja, mwanangu,” dalali anasema, na kuingia ndani kumtafutia noti yake.