Wiki mbili kabla ya mtihani wa kemia, Sinia 5

Mdogo wangu, anza Jumatatu, saa moja hadi tatu usiku, kabla umeme haujasumbua.

Jumatatu na Jumanne: maana ya msawazo, kisha kuandika Kc na Kp.

Jumatano hadi Jumamosi: kanuni ya Le Chatelier. Hapa usikimbie, ndipo alama hupotea. Chukua N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃. Ukiongeza shinikizo, amonia huongezeka, lakini Kc haibadiliki. Ukipandisha joto, Kc hupungua, kwa kuwa mmenyuko wa kwenda mbele hutoa joto. Eleza sababu kwa sauti, bila daftari.

Jumapili pumzika baada ya ibada.

Wiki ya pili, siku tatu za asidi hafifu. Kokotoa pH ya asidi ya ethanoiki 0.10 M, Ka = 1.8 × 10⁻⁵, ukikosa 2.87, rudia. Linganisha na HCl 0.10 M, yenye pH 1.

Alhamisi bafa, Ijumaa mikondo ya titresheni na viashiria.

Jumamosi fanya karatasi ya zamani kwa saa. Nitaisahihisha mwenyewe jioni. Jumapili pitia makosa tu, ulale mapema.