Babu Spoku wa Barabara ya 12

Tulimrekodi Babu Spoku, fundi baiskeli wa Ngamiani jijini Tanga, kwa dakika 40, na katika dakika hizo amekatiza mazungumzo mara tisa: mteja anataka upepo, mwingine ameleta pedeli, mtoto anadai chenji ya bibi yake. Kwenye cheti cha kuzaliwa ana jina jingine, lakini ametuomba tusihangaike nalo. "Ukiniulizia kwa jina hilo hapa Ngamiani, hutanipata."

Babu Spoku anatengeneza baiskeli chini ya mkungu uleule tangu mwaka 1994. Alikulia Muheza, baba yake akiwa mkata mkonge, na baiskeli ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya msimamizi wa shamba. Aliifungua bila ruhusa. Kuirudisha kulimchukua siku mbili. "Nilichapwa, lakini kila nati nilikuwa naijua."

Kuziba pancha ndiko kunakomlisha, shilingi 1,000 kwa tundu moja, ila kazi anayoipenda ni kusuka rimu. Baiskeli zile kubwa za kubebea mizigo, anaeleza, nyingi zina spoku 32 gurudumu la mbele na 40 la nyuma, kwa sababu nyuma ndiko gunia la mkaa linakokaa. Akimaliza kukaza hachukui kipimo chochote. Anazungusha gurudumu, anagonga spoku moja moja kwa bisibisi, anasikiliza. Kwenye rekodi unasikia ting, ting, ting, kisha tung. Hapo hapo anasema: "Huyo kalegea." Tumeirudia sehemu hiyo mara tatu, na kweli tofauti inasikika.

Bodaboda zilipozagaa, wateja walipungua hadi akaenda kujifunza pikipiki kwa fundi mmoja wa mjini. Alivumilia miezi minne. Anasema mikono ilinuka oili hata kwenye ubwabwa, na mwenye pikipiki huwa na haraka wakati wote. Akarudi mkunguni. Siku hizi wanaomweka mjini ni wauza samaki, wauza maziwa na wanafunzi, na wengi hulipa jioni wakishauza. Ana daftari la madeni lenye gamba lililofungwa kwa tyubu. Tulipouliza jumla yake alicheka, akabadilisha mazungumzo.

Kuna jambo moja linalomkera: tyubu mpya za bei rahisi zinazoachia kwenye maungio baada ya wiki mbili. Ukimletea moja, atakufungia, lakini atakuambia kabisa kwamba mtaonana tena.

Anamfundisha mjukuu wake wa kike wa miaka 15, anayekuja baada ya shule. Bado haruhusiwi kusuka rimu peke yake. "Masikio yake mazuri," anasema babu, "subira ndiyo bado."

Yupo kuanzia saa 1 asubuhi hadi magharibi, ila Ijumaa hufunga saa 6 kwenda msikitini na hurudi akijisikia. Wanafunzi waliovaa sare wanajaziwa upepo bure.