KUPONI YA PUNGUZO: ASILIMIA 20 KWA VITAMBAA VYA MAPAZIA NA MASHUKA

Duka la Mapazia na Mashuka, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga

Inatumika kuanzia Alhamisi, 1 Oktoba 2026
Mwisho: Jumamosi, 31 Oktoba 2026, saa 12 jioni

Ukinunua vitambaa vya mapazia au mashuka vya kuanzia shilingi 50,000, tunakupunguzia asilimia 20. Kwa mfano, mita 10 za pazia kwa shilingi 8,000 kila mita ni shilingi 80,000. Tunatoa 16,000, unalipa 64,000. Kodi imo humo humo, na risiti ya mashine utapewa.

*Nyuma ya kuponi*

Mpendwa mteja, tafadhali soma kabla hujatoka nyumbani. Hatutaki ukutane na sharti jipya ukiwa umeshafika kaunta.

Hiyo 50,000 inahesabiwa kabla ya punguzo, na unaweza kuchanganya mapazia na mashuka kuifikisha. Asilimia 20 inakatwa kwenye bei iliyobandikwa kwenye gora. Kama tumeshaelewana bei ya chini, chagua moja: bei ya maelewano au kuponi. Ujira wa fundi, fimbo za pazia, khanga na vitenge havimo.

Kuponi moja, risiti moja. Njoo na karatasi hii hii yenye muhuri wetu; kivuli au picha ya kwenye simu haipokelewi. Si lazima uje mwenyewe: mtume mwanao au jirani, atahudumiwa sawasawa. Kuponi haibadilishwi kwa fedha taslimu.

Hela haijatimia? Tanguliza nusu ya bei baada ya punguzo kabla ya tarehe ya mwisho, tukuwekee mzigo. Umalizie na kuuchukua hadi Jumamosi, 14 Novemba 2026, kwa bei ile ile ya punguzo.

Ukikuta rangi uliyoitaka imekwisha, usirudi na kinyongo. Mwambie muuzaji aandike rangi na idadi ya mita hapa chini, agonge muhuri na kutia tarehe. Punguzo lako litakuwa hai kwa siku 14 tangu siku hiyo, hata kama Oktoba imeisha.

Kitambaa kikishakatwa hakirudishwi, ila kikiwa na kasoro. Chenye kasoro tunabadilisha au tunarudisha kiasi kilicho kwenye risiti. Yaani kwa mfano ule wa mbele, 64,000. Kwa hiyo pima madirisha yako kwanza, upana na urefu, uje na vipimo vimeandikwa. Pazia lenye mikunjo mizuri hutaka kitambaa cha karibu mara mbili ya upana wa dirisha.

Tuko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ijumaa tunafunga saa 6 mchana kwa ajili ya swala na kufungua tena saa 8. Mnaotoka Muheza na Pongwe, tafadhali zingatieni saa hizo.