Nani afanye nini: kazi za kamati ya maji baada ya kikao cha Jumamosi

Ndugu wajumbe, nimepitia kumbukumbu za kikao na kuzipanga hivi. Kila kazi ina mwidhinishaji mmoja tu, tusije tukasubiriana tena.

| Kazi | Anatenda | Anaidhinisha | Anashauri | Anajulishwa |
|---|---|---|---|---|
| Kununua vali | Mhazini | Mwenyekiti | Fundi bomba | Katibu |
| Kufunga vali, kituo namba 3 | Fundi bomba | Mwenyekiti | Fundi wa wilaya | Wachotaji wa kituo |
| Kuosha tangi na kutia klorini | Fundi bomba, vijana 2 | Mwenyekiti | Mhudumu wa afya | Kijiji kizima, siku 2 kabla |
| Kusoma mapato na matumizi | Mhazini | Mkutano wa watumia maji | Katibu | Mtendaji wa kijiji |

Kuhusu kufunga vali, kumbukumbu zinasema "tutashughulikia", bila kutaja mtu. Nimemweka fundi kwa kuwa ndiye mwenye spana na ufunguo wa chemba. Kama ana udhuru, anijulishe kabla ya Jumatano, maana akina mama wa kituo hicho wanakanyaga tope kila alfajiri.

Mhazini ananunua ila hajiidhinishii malipo. Hapo naomba tusilegeze.

Bei ya ndoo haikuamuliwa, kwa hiyo sijaiingiza.

Katibu