Barua ya Maombi ya Kazi: Kutoka Ualimu wa Sekondari Kwenda Upimaji wa Programu

Kihonda, Morogoro
9 Juni 2025

Meneja Rasilimali Watu
Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MPIMAJI WA PROGRAMU, NGAZI YA KUANZA

Nimefundisha Hisabati na Fizikia tangu Januari 2016, kidato cha kwanza hadi cha nne, na sasa naomba kazi ya kupima programu zenu kabla hazijamfikia mteja. Najua barua kama hii ikifika mezani, swali la kwanza ni mwalimu anafuata nini huku. Naomba nieleze kilichonileta.

Mwaka 2022 shule ninakofundisha ilinunua mfumo wa matokeo, nami nikiwa msaidizi wa mwalimu wa taaluma nikakabidhiwa kuingiza alama. Ripoti ya binti mmoja ikatoka na nafasi ya daraja ikiwa tupu. Wastani wake ulikuwa 74.5. Mtengenezaji alikuwa ameandika A ni 75 hadi 100 na B ni 65 hadi 74, kama viwango vya kidato cha nne vinavyosomeka, akasahau kuwa wastani huja na desimali. Jioni ile sikwenda nyumbani. Nilisajili wanafunzi wa kubuni nikawapa 29.5, 44.5 na 64.5, wote watatu hawakupata daraja. Nikajaribu 101, ikapokelewa bila ubishi. Nikaacha alama wazi kwa mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani, mfumo ukamhesabia sifuri na wastani wa darasa zima ukashuka.

Kila kasoro niliiandikia karatasi yake: nilichoingiza, nilichotarajia, kilichotoka, na hatua za kufuata ili mwingine aione kwa macho yake. Fundi alizirekebisha kwa siku mbili, kisha akaniuliza kazi hii nimeisomea wapi. Mimi sikujua hata kama ni kazi. Baadaye ndipo nilipojifunza kuwa kupekua pale kiwango kimoja kinapoishia na kingine kinapoanza kuna jina, upimaji wa mipaka.

Nilipoanza kusoma upimaji rasmi, mambo mengi niliyakuta nayajua kwa jina jingine. Mwalimu hatungi mtihani kwa kubahatisha. Huandaa jedwali la utahini ili kila mada iguswe kwa uzito wake, na ndivyo mpimaji anavyohakikisha hakuna sehemu ya programu iliyorukwa. Mwongozo wa usahihishaji huandikwa kabla ya kuona majibu, la sivyo msahihishaji huanza kuvutwa na anachokisoma. Matokeo tarajiwa ya jaribio nayo huandikwa kabla ya kubofya chochote.

Lakini ninaloliona kubwa zaidi ni namna ya kumwambia mtu kuwa amekosea. Miaka yangu ya mwanzo niliandika "Rudia" kwa kalamu nyekundu, daftari likarudi na kosa lilelile. Nilipoanza kuandika "mstari wa tatu, alama ya kutoa imepotea ulipofungua mabano", watoto walisahihisha wenyewe. Nadhani mtengeneza programu naye hapendi kuambiwa "haifanyi kazi". Ana haki.

Mwaka 2024 nilifaulu mtihani wa ngazi ya msingi wa ISTQB kwa alama 33 kati ya 40. Zinazotakiwa ni 26. Naandika maswali ya SQL ya kuchuja na kuunganisha majedwali, natumia Postman kupima API, na kasoro nazifuatilia kwenye Jira. Kwenye majaribio ya kujiendesha kwa Selenium na Python bado mimi ni mwanafunzi: naweza kuandika jaribio la kuingia kwenye akaunti na la kujaza fomu, zaidi ya hapo naenda taratibu. Sijawahi pia kufanya kazi ndani ya timu ya watengeneza programu, ndiyo maana naomba ngazi ya kuanza na wala si zaidi.

Programu yenu ya kulipia ada nimeitumia wiki mbili kama mzazi wa kawaida, kwenye simu ya bei nafuu na mtandao wa kusuasua. Nimeambatisha ripoti ya kasoro tatu nilizoziona. Ya kwanza ndiyo iliyonishtua: ukiandika kiasi chenye alama ya mkato, 50,000, ukurasa wa kuthibitisha unaonyesha shilingi 50. Sikuendelea hadi kulipa, hivyo sijui kama kiasi hicho hubadilika mbele ya safari. Picha za skrini na hatua zote zimo.

Mkataba wangu unanitaka kutoa taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Kwa usaili naweza kufika Dar es Salaam siku yoyote mtakayonipangia, na kama mna programu ambayo haijatoka, nitafurahi mkinipa saa moja nayo siku hiyohiyo. Wasifu wangu, nakala za vyeti na anwani za wadhamini wawili vimeambatishwa.

Wako mwaminifu,

Rehema J. Saidi