Dhamana ya Matengenezo ya Simu na Ahadi Yetu kwa Mteja

Karatasi hii imebandikwa mbele ya kaunta, na nakala yake hushikizwa nyuma ya kila risiti. Inahusu simu zote tulizozipokea kuanzia tarehe 1 Februari 2026. Tuko mafundi watatu. Yeyote utakayemkuta mezani amefungwa na maneno haya, hata kama si yeye aliyeifungua simu yako.

Kabla ya hapo dhamana yetu ilikuwa ya mdomo: "Ikisumbua, irudishe." Kisha mteja mmoja akarudi siku ya tisa, kioo kinajibonyeza chenyewe, kinafungua vitu ambavyo hakuvigusa. Tukamwambia ameikalia. Akakana, tukabishana naye mbele ya watu. Tulipokuja kuifungua, tukakuta waya bapa wa kioo umebanwa chini ya kibati, na aliyeubana ni sisi wenyewe tulipokuwa tunafunga. Kosa lilikuwa letu, na matusi nayo tulikuwa tumeshayatoa. Ndiyo maana utaona humu kwamba kazi ya kuthibitisha ni yetu, si yako.

Unapoleta simu

Tunaijaribu ukiwa umesimama hapo hapo: kioo, tachi mpaka kwenye kona, kamera zote, spika, maiki, vitufe, alama ya kidole, laini, waifai na chaji. Tunapiga simu moja kuona kama kioo kinazima ukiiweka sikioni. Mikwaruzo na nyufa zilizokuwepo tunaziandika kwenye risiti, pamoja na namba ya IMEI, ambayo unaiona ukibonyeza `*#06#`. Soma kabla ya kusaini. Tukikosea kuandika kitu, kisahihishwe hapo hapo.

Simu iliyoletwa imezima kabisa haijaribiki. Tutaandika "haikujaribika", maana yake hakuna kati yetu anayejua kama kamera ilikuwa nzima. Ikiwaka na tukakuta kasoro nyingine, tunakupigia kwanza.

Bei tunayokutajia ndiyo unayolipa. Tukifungua tukakuta tatizo jingine, tunasimama na kukuuliza. Ukikataa, tunaifunga simu ilivyokuwa na hatukudai ufundi. Kuchunguza simu ni bure, isipokuwa iliyoingia maji, kwa sababu hiyo haichunguziki bila kufunguliwa yote na kusafishwa. Gharama ya kusafisha utaambiwa kabla hatujashika bisibisi.

Siku za dhamana

Siku zinahesabiwa tangu unapoichukua simu, si tangu ulipoileta.

Kioo orijino kina siku 90, kioo cha kopi siku 60. Risiti itasema ni kipi, na neno "orijino" hatuliandiki juu ya kopi hata mteja akituomba. Dhamana inashika mistari, madoa yanayozuka yenyewe, tachi kugoma au kujibonyeza, na kioo kubanduka kwenye fremu. Kupasuka haishiki. Fahamu pia kwamba baadhi ya aifoni, zikifungwa kioo au betri isiyotoka kiwandani kwake, huonyesha maneno `Unknown Part` kwenye mipangilio. Hiyo si hitilafu. Tutakueleza kabla ya kazi ili uamue.

Betri ina siku 180, na tumefika hapo kwa hesabu, si kwa kukisia. Betri nyingi za simu hutengenezwa ili baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji zibaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Mtu anayemaliza mzunguko mmoja kwa siku atakuwa amefika 180 tu dhamana inapoisha, kwa hiyo betri nzuri haina sababu ya kuwa imechoka. Ikishuka chini ya asilimia 80 ndani ya siku hizo, tunabadilisha bure. Ikivimba, tunabadilisha bila kubishana, ila iliyotobolewa au kulowa hatuibadilishi. Ukiona kioo kinainuka pembeni au mgongo wa simu unabenuka, usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Zima, ilete siku hiyo hiyo.

Sehemu ya chaji ina siku 60. Kabla hujaja, tazama ndani kwa tochi, maana mara nyingi ni vumbi la mfukoni lililoshindiliwa na waya haufiki mwisho. Hilo tunalitoa bure, kwa dakika mbili. Pini iliyopinda kwa kulazimisha waya haimo kwenye dhamana. Spika, maiki, vitufe na kamera navyo vina siku 60.

Kazi ya mazabodi, yaani kubadilisha chipu au kuondoa shoti, ina siku 30. Ni chache kwa sababu mazabodi iliyowahi kupata joto la mashine ya kuchomea haina uhakika wa mpya, na fundi anayekupa mwaka mzima juu yake anakupa maneno. Kuflashi na kazi za programu zina siku 14, mradi usirudishe programu ile ile iliyoiharibu.

Simu iliyoingia maji

Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, kwa hiyo tuelewane mapema. Kukauka si kupona. Maji huacha chumvi na uchafu chini ya chipu, na kutu huendelea kula polepole hata simu ikiwa inawaka vizuri. Tunaweza kuisafisha leo ikapiga kazi mwezi mzima, au ikafa keshokutwa. Hatukupi dhamana kwamba itaishi. Tunachoahidi ni hiki: ikizima tena ndani ya siku 14, tunakurudishia ufundi wote. Fedha ya kipuri kilichofungwa hairudi, ila kipuri chenyewe ni chako. Ikiwaka, kazi ya kwanza ni kuhamisha picha na namba zako, si kuendelea kuitumia kama kawaida.

Na simu yoyote iliyowahi kufunguliwa, hapa au kwingine, isihesabiwe kuwa haiingii maji. Gundi ya kiwandani hukatika inapofunguliwa. Tunaweka gundi mpya, lakini hatuna mtambo wa kuipima, kwa hiyo kinga ya maji hatuidhamini.

Kinachoondoa dhamana, na nani anathibitisha

Dhamana haishiki simu iliyodondoka, iliyopinda, iliyolowa, au iliyofunguliwa na fundi mwingine baada yetu. Tunaweka stika ndogo juu ya skrubu moja ndani. Stika kuchanika peke yake hakukunyimi haki, maana joto nalo huibandua.

Tukisema "imedondoka" au "imelowa", ni lazima tukuonyeshe: fremu iliyobonyea, kiashiria cha maji kilichogeuka rangi, kutu inayoonekana kwa lenzi ya kukuzia. Utatazama kwa macho yako kwenye meza yetu, na tutapiga picha uondoke nayo. Tukishindwa kuonyesha, tunatengeneza bure. Na uharibifu usiohusiana na malalamiko hauhesabiwi: mfuniko wa nyuma uliopasuka hauwezi kuwa sababu ya kukunyima dhamana ya maiki.

Ikisumbua ndani ya siku zake

Njoo na simu na risiti. Risiti ikipotea, namba ya IMEI imo kwenye daftari letu na inatosha. Utapata jibu ndani ya siku 1 ya kazi, na simu ndani ya siku 3 za kazi. Kipuri kikiwa hakijapatikana ndani ya siku hizo, unachagua kusubiri au kurudishiwa fedha. Kipuri kipya tulichofunga kwa dhamana kinaanza kuhesabiwa siku zake upya. Tatizo lile lile likirudi mara ya tatu, hatujaribu tena: tunakurudishia ulicholipa chote, kipuri na ufundi, siku hiyo.

Tukiharibu kitu kilichokuwa kizima wakati wa kupokea, tunakilipa sisi. Ndiyo sababu ya ule ukaguzi wa mwanzo. Unatulinda na unakulinda.

Vitu vyako vilivyomo ndani

Hifadhi nakala ya picha na namba kabla ya kutuachia simu, maana hatudhamini kilichomo ndani yake. Toa laini na memori kadi uondoke navyo. Pasiwadi tunaiomba tu pale ambapo bila hiyo hatuwezi kujaribu kazi. Ikiwa hutaki kuitoa, rudi utujaribishie mwenyewe wakati wa kuchukua, hatununi. Tukiipata, tunaiandika kwenye karatasi ya kazi, na karatasi hiyo inachanwa mbele yako. Hatufungui picha, meseji wala programu za fedha. Kamera tunaijaribu kwa kupiga picha ya meza na kuifuta.

Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu hatuifungui bila ushahidi wa umiliki. Usituombe kwa kunong'ona.

Kipuri cha zamani ni chako, tunakukabidhi ndani ya bahasha. Betri iliyovimba ndiyo pekee tunayoomba ibaki kwetu, tunaiweka kwenye chombo cha chuma mbali na joto mpaka ipelekwe panapokusanywa betri chakavu.

Jinsi risiti inavyojazwa

Ili usiseme maneno haya ni ya ukutani tu, hii ni risiti moja ilivyoandikwa, jina la mteja likiwa limeondolewa:

Risiti 0412. Imepokelewa 9 Februari 2026, saa 4:20 asubuhi. Malalamiko: kioo kimepasuka, tachi haifanyi kazi upande wa kushoto. Ilivyokuja: mkwaruzo kona ya juu kulia, kitufe cha sauti kigumu, kamera ya mbele ina ukungu. Kazi: kioo cha kopi, mteja amechagua baada ya kuonyeshwa vyote viwili. Pasiwadi: hakutoa. Imechukuliwa 10 Februari 2026, mteja amejaribu mwenyewe. Dhamana ya kioo: siku 60, mwisho 11 Aprili 2026. Kitufe na kamera havikuguswa.

Ule ukungu wa kamera ulikuwepo kabla, umeandikwa, na mteja alisaini. Hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Mengineyo

Simu ikiwa tayari tunakupigia. Usipoichukua ndani ya siku 30 tangu tulipokujulisha, dhamana inaanza kuhesabiwa hata ikiwa ingali kabatini. Hatuiuzi wala hatunyofoi kipuri chake kumfungia mwingine.

Hakuna sentensi humu inayokupunguzia haki unayopewa na sheria za kumlinda mlaji. Pale sheria inapokupa zaidi, sheria ndiyo inayofuatwa.

Tukiibadilisha karatasi hii, iliyokuwa ukutani siku ulipoleta simu ndiyo inayokuhusu. Nakala yako unayo.