Mgawanyo wa kazi: filamu ya katuni ya "Kisima"

Baraka, dada Rehema, kaka Saidi na Neema,

Ijumaa tulikubaliana niandike nani anafanya nini kabla hatujaanza kuchora. Filamu ni ya dakika 3, picha 24 kwa sekunde, kila mchoro ukikaa picha 2. Hiyo ni michoro 2,160 kama wanyama hawatulii hata kidogo. Wachoraji ni wawili na wiki tulizonazo ni 12. Kwa hiyo nimepanga kila kitu kwa lengo moja: tusichore kitakachokuja kukatwa. Ndiyo maana Neema na kaka Saidi wanaanza wiki ya kwanza, tofauti na video za kawaida ambako mhariri na mtu wa sauti huitwa picha zikiwa tayari.

Baraka, mwongozaji. Hadithi ni yako: Sungura anakataa kuchimba kisima, anaiba maji, ananasa kwenye ulimbo uliopakwa mgongoni mwa Kobe. Wewe ndiye unayeamua kila shoti inasema nini, na unachora ubao wa hadithi wote mwenyewe. Waigizaji wa sauti unawaelekeza wewe. Kuanzia wiki ya 4 utasaidia kuchora michoro ya kati, na ukikaa kwenye meza hiyo unapokea maelekezo ya dada Rehema. Nimeliandika hili wazi kwa sababu mwongozaji akirekebisha mstari wa Sungura kimyakimya, Sungura wa shoti ya 9 hatafanana na wa shoti ya 10.

Dada Rehema, mchoraji mkuu. Sura za wanyama, rangi, mandhari ya nyuma na michoro yote mikuu. Kabla ya wiki ya 3 kwisha tunahitaji karatasi ya kila mhusika: mbele, ubavu, nyuma, na midomo 6 ya kusemea. Neno la mwisho juu ya mwonekano ni lako. Shoti zenye kusubiri, kama wanyama wakilinda kisima usiku, tafuta namna ya kusogeza vipande badala ya kuchora upya. Hapo ndipo tutakapookoa siku nyingi.

Kaka Saidi, sauti. Sauti za wahusika zinarekodiwa kabla ya kuchora, kwa sababu mdomo unafuata sauti. Wiki ya kwanza rekodi sauti zetu wenyewe kwa simu, zitoshe kwa majaribio. Wiki ya 2 waigizaji wenyewe, usiku, jenereta za mtaani zikiwa zimezimwa. WAV, 48 kHz, biti 24. Muziki uutunge wewe. Sitaki wimbo ambao hatuna ruhusa yake kwa maandishi.

Neema, mhariri. Unapanga picha za ubao wa hadithi juu ya sauti za majaribio, kisha zile za waigizaji, hadi tuione filamu nzima ikiwa michoro ya penseli. Sote watano tunaitazama mwisho wa wiki ya 3, na baada ya hapo urefu wa shoti unafungwa. Chukua shoti ya 17, mguu wa Sungura ukivutwa kutoka kwenye ulimbo. Kaka Saidi akileta mlio wa kunata wenye urefu wa picha 14, unamwandikia dada Rehema 14, naye anajua ni michoro 7. Hakuna anayekisia. Wewe pia ndiye mtunza mafaili, na kila jina linafuata mfano huu tu, wa shoti ya 17, toleo la 3:

```
KSM_SH017_v03.kra
```

Namba ya toleo inapanda, faili la zamani halifutwi. Nakala kwenye diski ya pili kila jioni.

Mimi, mtayarishaji. Ratiba, fedha, mikataba ya waigizaji, vibali vya Bodi ya Filamu na usajili wa hakimiliki COSOTA. Nakaa pia kwenye rangi kuanzia wiki ya 6, chini ya dada Rehema.

Tukibishana: hadithi ni ya Baraka, tarehe na fedha ni zangu. Baraka akitaka shoti mpya baada ya wiki ya 3, nitamuuliza atoe ipi yenye urefu uleule. Asipotoa, haiingii. Anayetaka mwenzake abadilishe kazi amwambie mwenye nafasi hiyo moja kwa moja, asipitie kwangu wala kwa Baraka. Najua dada Rehema ni mkubwa wetu na wengine mtaona haya kumwambia. Mwambieni, ameniomba mwenyewe niliandike hili.

Hakimiliki ni ya watano sawa kwa sawa, na majina yataandikwa mwishoni kwa nafasi hizi hizi.

Asiyeridhika na chochote hapa aniambie kabla ya Jumatano jioni, kwa sababu Alhamisi nasaini na waigizaji. Jumatatu saa 3 asubuhi tukutane kwangu: Baraka na shoti 10 za mwanzo, kaka Saidi na maikrofoni yako, Neema na diski zote mbili.

Mwanaidi